Monosaiti zimepanda kwenye majibu ya damu: namna ya kufuatilia mpaka ujue chanzo

Binti mmoja alikuja dirishani maabara na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na majibu matatu ya damu ya baba yake, mzee wa miaka 72, yaliyopimwa sehemu tofauti ndani ya miezi saba. "Shikamoo dokta," akasema. "Baba anameza dawa za kifua mwezi wa pili sasa, na jasho la usiku halikomi. Tumeambiwa turudie damu." Nitamtumia mzee huyu kueleza hatua ninazofuata kila ninapokutana na monosaiti nyingi, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu. Mimi ni mtu wa maabara, kwa hiyo naanzia pale kazi yangu inapoanzia, kwenye karatasi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni monosaiti kweli

Karatasi ya zamani kuliko zote iliandikwa `MID# 1.9`, na pembeni mtu alikuwa amechora mduara na kuandika "monosaiti juu". Kosa hili naliona kila wiki. Mashine nyingi za vituo vidogo zinagawa chembe nyeupe katika makundi matatu tu: limfosaiti, nyutrofili na wenzake, na kundi la katikati linaloitwa `MID`. Ndani ya kundi hilo wamo monosaiti, lakini wamo pia eosinofili, basofili na hata chembe changa za saratani. Mtoto mwenye minyoo anaweza kuwa na MID kubwa kwa sababu ya eosinofili, huku monosaiti zake ziko sawa kabisa. Kwa hiyo karatasi ile niliiweka kando. Haikuwa ushahidi wa chochote zaidi ya kwamba kuna jambo la kutazamwa.

Karatasi mbili zilizobaki zilitoka kwenye mashine ya makundi matano, yenye `MON#` na `MON%`. Hapo ndipo pa kusoma, na ukisoma anza na idadi halisi kabla ya asilimia. Karatasi ikikupa asilimia peke yake, piga hesabu mwenyewe kwa kutumia WBC, yaani jumla ya chembe nyeupe:

```
MON# = WBC × MON% ÷ 100
```

Mgonjwa mwenye WBC 3.0 na MON% 14 ana monosaiti 0.42 × 10⁹/L. Hizo ni za kawaida. Asilimia imepanda kwa sababu nyutrofili zimeshuka, na swali la kuuliza hapo ni kwa nini zimeshuka. Kwa mtu mzima, maabara nyingi zinachukua 0.2 hadi 0.8 kuwa kawaida, na tunaanza kusema zimezidi zikipita 1.0.

Mzee wetu, miezi minne kabla ya siku ile, alikuwa na WBC 9.8 na MON% 16, yaani monosaiti 1.57. Karatasi ya mwisho ilionyesha WBC 14.2, MON% 22, monosaiti 3.12. Zimezidi kweli, na zimeongezeka maradufu.

Hatua ya 2: Tandaza damu, uangalie kwa macho

Mashine inahesabu kwa ukubwa na umbile la chembe, na chembe kadhaa huidanganya. Tengeneza slaidi mapema, ndani ya saa mbili tangu damu ichukuliwe ukiweza. Damu iliyolala muda mrefu kwenye chupa ya zambarau hufanya monosaiti zijae vitundu na viini vyake vikunjamane, na baada ya hapo huwezi kuamini unachokiona.

Chini ya hadubini, monosaiti ndiyo chembe kubwa kuliko zote za kawaida kwenye damu. Mwili wake una rangi ya majivu yenye buluu kwa mbali, mara nyingi na vitundu vidogo, na kiini chake kimekunjwa kama figo au maharage. Inayochanganya wengi ni limfosaiti iliyochangamshwa na virusi: nayo ni kubwa, lakini ukingo wake ni wa buluu iliyokolea na umejikunja kufuata chembe nyekundu zilizo jirani.

Kwa kuwa ni kubwa, monosaiti husukumwa kwenye kingo na kwenye mkia wa slaidi. Anayehesabu katikati tu atapata chache kuliko zilizopo. Nenda kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, shuka kidogo, rudi, kama mtu anayelima matuta. Mimi huhesabu chembe 200 badala ya 100 monosaiti zinapokuwa nyingi.

Kwa mzee nilipata nyutrofili 54%, monosaiti 25%, limfosaiti 15%, eosinofili 1%, chembe changa za ukoo wa nyutrofili 2%. Zile 3% zilizobaki ndizo zilizonisimamisha: blasti na promonosaiti, chembe ambazo hazijakomaa, zenye kiini laini chenye mikunjo hafifu, ambazo kwa kawaida hazitoki kwenye uboho. Tena nyutrofili zake nyingi hazikuwa na chembechembe ndani, na viini vyake vilikuwa na sehemu mbili tu badala ya tatu au nne.

Kama ungekuta monosaiti zilizokomaa vizuri, baadhi zikiwa na punje za kahawia iliyokolea tumboni, ungefikiria malaria kwanza. Punje hizo ni mabaki ya vimelea ambavyo monosaiti imevimeza, na zinaweza kuonekana hata vimelea vyenyewe vikiwa vimepungua.

Hatua ya 3: Uliza mgonjwa ametoka wapi

Monosaiti hukaa kwenye damu siku moja au mbili tu, kisha huingia kwenye nyama za mwili na kugeuka makrofaji, wale wanaokula vijidudu na kusafisha mabaki. Ndiyo maana huongezeka maambukizi yanapokuwa yanaisha. Mtu aliyeugua nimonia wiki mbili zilizopita, homa imekwisha, hamu ya kula imerudi, anaweza kukutwa na monosaiti 1.3. Huyo hahitaji dawa yoyote kwa ajili ya namba hiyo. Rudia kipimo baada ya wiki nne na uone zinashuka. Vivyo hivyo kwa mgonjwa wa saratani aliyepewa dawa za kemo: monosaiti hurudi siku chache kabla ya nyutrofili, na sisi maabara hufurahi tukiziona kwa sababu uboho umeamka.

Kifua kikuu ni habari tofauti, kwa sababu hapo kazi haiishi. Mwili hujenga vinundu kuzungushia bakteria, na vinundu hivyo vimejengwa kwa makrofaji, kwa hiyo monosaiti huendelea kuhitajika wiki hadi wiki. Lakini shika mambo mawili. La kwanza, wagonjwa wengi wa kifua kikuu wana monosaiti za kawaida, hivyo namba nzuri haimwondolei mtu ugonjwa. La pili ndilo lililomkuta mzee: monosaiti nyingi pamoja na jasho la usiku na kukonda hazithibitishi kifua kikuu. Kinachothibitisha ni makohozi kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu, au sampuli ya tezi au maji ya kifuani pale ugonjwa ulipo nje ya mapafu. Makohozi ya mzee yalipimwa mara mbili, hayakuwa na bakteria, na picha ya kifua ilikuwa safi. Hakuwa na kikohozi hata kidogo. Alianzishiwa dawa kwa sababu ya jasho na uzito.

Nilimuuliza binti maswali mengine niliyozoea: mnafuga na kunywa maziwa mabichi (nikifikiria bruselosi)? Ana tatizo la moyo na homa ndogondogo zisizoisha, jambo linalotokea vali za moyo zikiambukizwa? Amewahi kutolewa bandama? Anameza steroidi? Yote hapana. Kipimo cha VVU hakikuonyesha maambukizi.

Hatua ya 4: Soma namba zilizo jirani

Maambukizi yakiisha, monosaiti huwa zimepanda peke yake na mengine yanarudi sawa. Mzee alikuwa na HGB 9.4, MCV 102 na PLT 86. Damu imepungua, chembe nyekundu zimekuwa kubwa, na chembe sahani zimeshuka, vyote kwa pamoja. Kifua kikuu cha muda mrefu hupunguza damu, lakini kwa kawaida chembe nyekundu hubaki za kawaida au ndogo, na chembe sahani hupanda mara nyingi kuliko kushuka. MCV ya 102 kwa mtu asiyetumia pombe wala zidovudini, mwenye vitamini B12 na foleti za kutosha, inaelekeza kwenye uboho wenyewe. Daktari alimlaza kitandani akampapasa: bandama ilikuwa vidole vitatu chini ya mbavu.

Hatua ya 5: Hesabu miezi

Monosaiti za mzee zilikuwa juu miezi minne iliyopita na zimezidi kupanda. Zikikaa zaidi ya miezi mitatu bila sababu inayoonekana, na zikiwa ni 10% au zaidi ya chembe nyeupe zote, inabidi kutafuta CMML, yaani lukemia sugu ya mielomonosaiti. Ni ugonjwa wa wazee, wengi wao wakiwa na miaka 70 na kuendelea, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Kwa miaka mingi kizingiti kilikuwa monosaiti 1.0. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikishusha hadi 0.5, ila kwa walio chini ya 1.0 linataka chembe zenye umbo baya na pia mabadiliko ya jeni yanayothibitisha ukoo mmoja wa chembe.

Kwa hiyo chini ya ripoti sikuandika "monosaiti nyingi" nikaishia hapo. Niliandika: "Monosaiti 3.55 × 10⁹/L kwa kuhesabu kwa mkono, zimedumu zaidi ya miezi mitatu. Blasti na promonosaiti 3%. Nyutrofili zina kasoro za umbo. Uboho upimwe, na BCR::ABL1." Kipimo hicho cha mwisho ni cha lukemia nyingine sugu ya uboho, ambayo nayo inaweza kuja na monosaiti nyingi na ina vidonge vyake. Usipoipima, unaweza kumnyima mtu tiba inayofanya kazi vizuri sana.

Hospitali ya rufaa walipima uboho. Blasti zilikuwa 7%, BCR::ABL1 haikuwepo. Blasti chini ya 5% kwenye damu na chini ya 10% kwenye uboho humweka mgonjwa kwenye CMML-1. WBC yake kupita 13 ilimweka kwenye aina inayozalisha chembe kwa wingi, ambayo ndiyo hujaza bandama na kuleta jasho na kukonda.

Dawa za kifua kikuu zilisimamishwa, naye akaanzishiwa vidonge vya haidroksiyurea. Havimponyi. Kinachoweza kuondoa ugonjwa huu kabisa ni kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, na kwa umri wake madaktari hawakushauri. Lakini wiki sita baadaye binti alileta chupa nyingine ya zambarau: WBC 8.1, monosaiti 1.4. Akasema baba sasa analala usiku mzima na shuka linabaki kavu. PLT ilikuwa 79, na hiyo ndiyo namba tunayoitazama kila baada ya wiki mbili, kwa sababu dawa yenyewe inaweza kuishusha zaidi.