Haleluya au Aleluya? Weka zote, ila mahali pake

Kwaya za Moshi na Arusha mnaopandisha video YouTube: jina la wimbo likiandikwa kwa namna nyingi, namna hizo ziende kwenye kisanduku cha Tags. Kichwa kibaki na tahajia yenu, mfano Haleluya. Tags zibebe Aleluya, Halleluya, Alleluya. Kazi yake kubwa ni kumnasa anayekosea tahajia. Msizirundike kwenye maelezo, YouTube inakataza na video inaweza kuondolewa. Maelezo yaanze na jina la wimbo na kwaya, kwa kuwa mistari ya juu ndiyo inayoonekana kabla ya kubofya. Kisha mashairi yote, mtunzi, mpiga kinanda, studio. Tags zina uzito mdogo: kichwa kikiwa “Haleluya” pekee hazitawaokoa, ongezeni jina la kwaya hapohapo.