Kukagua pafyumu kabla hujalipa: nailoni, namba ya bechi, mshono wa chupa na kifuniko

Mnunuzi akishika boksi la pafyumu, jicho lake la kwanza huenda kwenye nailoni. Ikiwa haijafunguliwa, roho inatulia. Kumbe kati ya alama nne tutakazozipitia hapa, hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote. Kila unapokagua alama, jiulize: mtengeneza feki ingemgharimu kiasi gani kuipatia? Rola ya nailoni na kifaa cha kutoa hewa moto ni bei chee. Kuchonga kalibu ya chuma ya kumiminia kioo ni fedha nyingi, kwa hiyo huko ndiko anakobania, na huko ndiko utakakomkamata.

Andaa tochi ya simu, kamera yake yenye uwezo wa kukuza picha, kipande cha pamba chenye spiriti, na ukucha wako. Ukiweza kupata chupa moja ya aina hiyohiyo ambayo una hakika nayo, umemaliza nusu ya kazi.

Hatua ya 1: Nailoni, bila kuipa uzito mkubwa

Kiwandani boksi hufungwa na mashine inayokunja plastiki kama mtu anavyofunga zawadi. Kunakuwa na mshono mmoja mwembamba ulionyooka upande wa nyuma au ubavuni, na huku na huku nailoni inakunjwa kama bahasha, mikunjo ikiwa sawasawa na imegandishwa kwa joto, si kwa gundi. Pitisha kidole gumba juu ya uso wa boksi: nailoni isiteleze wala kujikusanya.

Kazi ya uchochoroni huwa ni nailoni ya kubana kwa moto. Hii haina mikunjo ya bahasha. Ina kovu lililoinuka pale ilipokatwa na kuunganishwa, mara nyingi katikati ya uso wa boksi. Ina vitundu vidogo vya kutolea hewa, na kwenye pembe inajikunyata hadi kingo za boksi zinabonyea.

Sasa usikimbilie kuhukumu. Boksi halisi linaweza kuwa limefunguliwa njiani likafungwa upya na mwenye bidhaa. Baadhi ya kampuni zimeacha kabisa kuvisha nailoni baadhi ya bidhaa zao. Testa, yaani chupa za kujaribia harufu dukani, nazo huja kwenye boksi la kawaida tu, jeupe au la kaki, bila nailoni na mara nyingine bila kifuniko. Nailoni mbovu ikufanye uendelee kukagua kwa makini. Nailoni nzuri isikufanye uache.

Hatua ya 2: Namba ya bechi

Hapa kaa sana. Namba ya bechi ni alama ya fungu la chupa zilizojazwa pamoja. Geuza boksi uangalie chini yake, kisha muombe muuzaji afungue ili uangalie kitako cha chupa. Namba mbili hizo lazima zifanane herufi kwa herufi. Sheria ya vipodozi ya Ulaya, namba 1223/2009, inataka namba hiyo iwe kwenye chupa na kwenye boksi pia. Chupa ndogo sana tu ndiyo inaruhusiwa kuwa nayo kwenye boksi peke yake. Chupa ya 100 ml isiyo na namba haina udhuru huo.

Namba zikifanana, bado. Angalia *zilivyoandikwa*. Maandishi mengine yote, yaani jina, ujazo, anwani ya kampuni, huchapishwa mapema, miezi kabla pafyumu haijaingia kwenye chupa. Namba ya bechi haiwezi kuchapishwa mapema kwa sababu haijulikani mpaka siku ya kujaza. Kwa hiyo inawekwa mwisho, na mashine nyingine: leza inayochoma kioo, wino wa vidoti, au chapa inayobonyeza kadibodi bila wino wowote. Ndiyo maana kwenye bidhaa halisi namba hiyo huonekana kama mgeni. Aina ya herufi ni tofauti na maandishi ya jirani, na pengine imekaa upande kidogo au juu kidogo ya mstari. Watu huona imekaa upande wakasema ni feki, wakati ukweli ni kinyume. Cha kutisha ni namba iliyopangwa vizuri mno, kwa wino uleule na herufi zilezile za maandishi mengine. Hiyo ilichorwa pamoja na lebo, na maana yake kila boksi lililotoka kwenye mtambo huo lina namba ileile.

Ikiwa imechongwa kwenye kioo, mulika tochi kutoka ubavuni na ukuze kwa kamera. Mchongo wa leza una vidoti vyeupe kama chembe za barafu, vyenye kina kinachofanana. Sugua kwa pamba yenye spiriti kwa sekunde kama 15: haupaswi kubadilika. Kama namba ni ya wino, usiitese kwa asetoni kisha ukatangaza feki, maana wino halisi nao unaweza kufutika.

Kisha soma mwaka. Kwa Dior, tarakimu ya kwanza ya namba ya bechi ni tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa, na inajirudia kila miaka 10. Tovuti kama CheckFresh zitakusomea hilo, lakini kumbuka zinachofanya: zinatafsiri namba kuwa tarehe, basi. Mwenye feki akinakili namba halisi kutoka kwenye chupa halisi, tovuti itatoa tarehe bila wasiwasi. Faida yake kubwa ni kukamata namba isiyowezekana, kama tutakavyoona kwenye mfano.

Na ukikuta namba imekwanguliwa? Hilo halimaanishi lazima pafyumu ni feki. Wafanyabiashara wanaouza mzigo nje ya njia iliyoruhusiwa na kampuni hukwangua ili isijulikane umetokea kwa wakala gani. Ila umepoteza ushahidi wako mzuri, na bei inapaswa kuonyesha hivyo.

Hatua ya 3: Mshono wa chupa

Kuna kauli inayosambaa kwamba chupa halisi haina mshono. Si kweli. Chupa huundwa ndani ya kalibu ya vipande viwili, na pale vipande vinapokutana lazima mstari ubaki. Tofauti ni ufundi. Kiwanda kizuri huupeleka mstari kwenye pembe au ubavuni ambako jicho halifiki, na huulainisha kwa moto au kwa kusugua.

Shika chupa mbele ya mwanga, izungushe taratibu, ufuate mstari kuanzia kitakoni hadi shingoni. Pitisha ukucha kwa kuukata mstari, si kwa kuufuata. Kwenye chupa nzuri ukucha unapita bila kukwama, au unahisi kidogo sana. Kwenye feki unakwama kama kwenye ukingo wa sarafu. Kosa zito zaidi ni pale nusu mbili zisipokaa sawa: mstari wa upande mmoja uko juu kuliko mwingine, au kitako kimechepuka na chupa inatikisika juu ya meza bapa. Kalibu iliyochakaa au ya bei rahisi ndiyo inayofanya hivyo.

Chupa zilizopakwa rangi, kama Sauvage ya Dior, huficha mshono. Hapo usitazame ndani. Tazama taa ya dukani inavyoakisiwa kwenye uso wa chupa unapoizungusha: mwako ukivunjika ghafla kwenye mstari, mshono umeinuka. Tazama pia rangi inavyofifia kutoka giza kwenda wepesi, isiwe na michirizi wala mkato.

Geuza kitako. Mara nyingi kuna alama ndogo za mtengeneza chupa na namba ya kalibu, zilizomo ndani ya kioo chenyewe. HP, kwa mfano, ni alama ya Pochet du Courval wa Ufaransa. Kuwepo kwake si cheti, maana hunakiliwa. Lakini ikiwa mashavu ya herufi yamevimba na kufifia, kalibu hiyo ilichukuliwa kutoka kwenye chupa nyingine.

Hatua ya 4: Kifuniko

Chukua Bleu de Chanel, maana ndiyo inayofundisha vizuri. Chupa ni ya pembe nne na kifuniko ni cha pembe nne, chenye sumaku. Kiweke juu kikiwa kimepinda kidogo, kisha kiachie. Kwenye halisi sumaku inakivuta na kukizungusha hadi kingo zake zioane na za chupa. Feki nyingi siku hizi zina sumaku pia, usidanganyike na mlio wa kujifunga, lakini ni sumaku inayovuta tu bila kupanga. Ukikiacha kimepinda, kinabaki kimepinda.

Kwa vifuniko vya aina nyingine, kikiwa kimefungwa kisukume kushoto na kulia kwa kidole. Kisicheze. Tazama pengo kati yake na bega la chupa, liwe sawa pande zote. Kivue ukitikise karibu na sikio: uzito wa bandia huwa ni kipande cha chuma kilichobandikwa ndani, na gundi ikilegea kinagonga. Usiinue chupa kwa kushika kifuniko ili kujaribu nguvu ya sumaku. Ikidondoka, mjadala wa halisi au feki unageuka kuwa mjadala wa nani analipa.

Mfano: Sauvage Elixir, 60 ml

Tuseme nailoni ni safi kabisa, mikunjo ya bahasha, mshono umenyooka. Chini ya boksi pana 8W02, na kwenye chupa pana 8W02. Mpaka hapa wengi wangelipa. Soma tarakimu ya kwanza: 8, yaani 2018 au 2028. Elixir ilitoka 2021. Chupa haiwezi kujazwa miaka mitatu kabla ya bidhaa kuzinduliwa, na hadi 2028 ifike, namba hiyo haina mahali pa kusimama. Ukirudi kukuza picha utakuta pengine namba ya boksi iko kwa wino uleule wa anwani. Hapo huhitaji tena mshono wala kifuniko.

Geuza mfano: namba inaanza na 3, imebonyezwa bila wino, imekaa upande kidogo. 2023, inawezekana. Endelea na mshono, kisha kifuniko, na hukumu baada ya vyote vitatu.

Kinachopita hatua zote nne

Chupa tupu halisi hununuliwa na kujazwa upya. Kioo ni chake, namba ni yake, kifuniko ni chake, boksi ni lake. Hapo angalia pete ya chuma inayobana pampu shingoni. Kiwandani hubanwa mara moja na inakuwa laini pande zote, na kwa chupa nyingi za namna hii haitoki bila koleo. Vua kifuniko, zungusha tochi kwenye pete hiyo: mikwaruzo, kona zilizobonyea, au pete inayozunguka ukiisukuma kwa kidole, inaonyesha iliwahi kung'olewa. Angalia na ukingo wa kioo chini yake, koleo huacha vipande vidogo vilivyomeguka.