Kalenda ya posti za wiki nne kwa mtunza vitabu: anza na tarehe 30, kisha rudi nyuma

Ninatunza vitabu vya maduka madogo ya rejareja Dar es Salaam, yale ya dirisha moja ambayo mtaani tunayaita "kwa Mangi" hata kama mwenyewe katokea Mtwara. Wateja wangu wengi wamenipata kupitia Status ya WhatsApp. Hapa naonyesha jinsi ninavyopanga posti za wiki nne, na mfano wangu ni mwezi wa Septemba. Nimeuchagua kwa sababu unaishia na tarehe ambayo mwenye duka anaijua hata akiwa usingizini: tarehe 30, siku ya mwisho ya kulipa awamu ya tatu ya kodi ya mapato TRA. Awamu nyingine huishia mwisho wa Machi, Juni na Desemba, kwa hiyo kalenda hii unaweza kuirudia katika miezi hiyo.

Hatua ya 1: Hakikisha namba yako imehifadhiwa

Hii huja kabla ya posti yoyote. Status yako haionekani kwa mtu ambaye hajahifadhi namba yako, na wewe pia lazima uwe umehifadhi yake. Ujumbe wa Broadcast nao ni hivyohivyo: asiye na namba yako kwenye simu haumfikii, na orodha moja haizidi watu 256. Kuna mwenzangu aliyeposti mwezi mzima kwa bidii, akashangaa watazamaji hawapiti 19. Alikuwa na namba za wenye maduka zaidi ya 80, lakini wao hawakuwa na yake.

Dawa yake ni miguu. Zungukia maduka, nunua kitu, jitambulishe, kisha mwambie mwenye duka, "Hifadhi namba yangu, Jumanne nitaweka mfano wa kufunga hesabu za siku." Msubiri aandike jina lako hapohapo, na wewe uandike lake pamoja na mtaa. Ukipata maduka 40 kwa njia hii, kalenda ina watu wa kuisoma.

Hatua ya 2: Okota maswali dirishani

Chukua kaunta buku, na kwa siku nne au tano andika maneno ya wenye maduka kama walivyoyasema wenyewe. Usiyasafishe. Mimi Agosti niliondoka na haya: "Nauza kutwa lakini hela siioni." "Wakinikadiria TRA, nabisha kwa kitu gani?" "Madeni ya watu yamenila mtaji." Kila moja kati ya hayo ni wiki nzima ya posti.

"Umuhimu wa kutunza kumbukumbu" si swali la mwenye duka. Hilo ni somo letu la darasani, na ukiliposti watakupa kidole gumba wapite.

Hatua ya 3: Panga wiki kwa kurudi nyuma

Hapa ndipo niliposhindwa mara ya kwanza. Niliweka posti za kodi wiki ya mwisho, nikidhani joto la tarehe 30 litawaleta. Kweli walikuja, tarehe 28, wakiwa na mfuko wa risiti zilizofifia na hawana daftari. Kwa siku mbili sikuwa na la kuwafanyia, na waliondoka wakiamini mtunza vitabu hana msaada.

Sasa kodi naiweka wiki ya kwanza, ili anayeshtuka abaki na wiki tatu za kukusanya mauzo yake ya Julai na Agosti. Wiki ya pili ni droo. Madeni nayaweka wiki ya tatu, takriban tarehe 15 hadi 21, kwa sababu mishahara mingi huanza kutoka kuanzia tarehe 25. Mwenye duka akishajua nani anadaiwa kiasi gani kabla ya siku hizo, anawawahi. Ukimwambia tarehe 29, hela imeshaenda kwingine. Wiki ya nne ni ya mwaliko: aanze nawe tarehe 1 Oktoba, robo mpya ya mwaka, bila kufukua ya nyuma.

Chora jedwali la safu tano kwenye daftari au Google Sheets: tarehe, swali, posti, saa, na nani amejibu. Safu ya mwisho ndiyo watu wengi huisahau, na ndiyo itakayokulipa.

Hatua ya 4: Posti tatu kwa wiki, swali moja tu

Jumanne weka swali lenyewe, kwa maneno ya dirishani. Alhamisi weka hesabu inayolijibu. Jumamosi weka sauti au video ya sekunde kama 30 ukionyesha jinsi ya kuandika kitu hicho daftarini. Basi. Niliwahi kuposti kila siku, na wiki ya pili nikaanza kuweka nukuu za hamasa ili tu nijaze nafasi. Watu wakanyamazisha Status yangu.

Kuhusu saa: asubuhi mwenye duka anapokea mkate na maziwa, au yuko Kariakoo anafuata mzigo. Duka hupoa saa 8 mchana hadi saa 10 alasiri, na simu hushikwa tena saa 3 usiku baada ya kufunga. Status hudumu saa 24, kwa hiyo ukiweka saa 8 mchana inayapata mapumziko yote mawili.

Hatua ya 5: Andika posti ya Alhamisi kwa tarakimu

Posti ya Alhamisi ndiyo inayouza, kwa hiyo ipe muda kuliko zote. Hii ni ya wiki ya droo, kama nilivyoiweka:

"Asubuhi droo ilikuwa na 5,000. Umeuza taslimu 31,000. Umelipia mzigo 12,000, umeme na mifuko 2,500. Jioni droo inatakiwa iwe na 21,500. Umehesabu umekuta 17,000. Hiyo 4,500 iko wapi? Kumbuka: nauli ya watoto 1,500, mboga ya jioni 3,000. Haijaibiwa, haijaandikwa tu. Kwa siku 26 za mwezi ni 117,000. Je, wewe ya kwako ni ngapi?"

Angalia inavyokwenda. Tarakimu ni ndogo kama za duka lenyewe, hesabu inafuatika bila kalamu, na mwisho kuna swali ambalo jibu lake ni namba. Posti inayoishia na "tupigie kwa maelezo zaidi" hunyamaza. Hii ilinirudishia majibu tisa, moja likisema tu "6,000 dada yangu, na sijui."

Tahadhari moja: usipige picha daftari la mteja, hata ukifunika majina. Mtaani mwandiko unajulikana, na mdaiwa akijiona kwenye Status yako umempotezea mwenye duka mnunuzi wake, na wewe umempoteza mwenye duka. Kaa na daftari tupu, andika duka la mfano kwa mkono wako, piga picha hilo.

Posti ya kodi inahitaji uangalifu wa aina nyingine. Mfano wangu hulinganisha mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Katika jedwali la Sheria ya Fedha ya 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 kwa mwaka alilipa 250,000 kama hana kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu alilipa 90,000, ukiongeza asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 7. Duka la mauzo ya milioni 9 basi ni 90,000 na 60,000, jumla 150,000. Daftari limeokoa 100,000. Hoja hiyo huhitaji kuipamba.

Lakini viwango hubadilika: bajeti husomwa Juni na Sheria ya Fedha mpya huanza 1 Julai. Kabla ya kuposti, fungua tovuti ya TRA, soma jedwali la mwaka huu, rekebisha namba zako, na juu ya picha andika mwaka wa jedwali. Mwaka mmoja nilirudia picha ya zamani. Mteja akaenda nayo kwenye simu hadi kwa afisa, akarudi kwangu na aibu yake yote. Tangu siku hiyo hakuna picha yangu ya kodi isiyo na mwaka.

Na kwenye utambulisho wako andika "mtunza vitabu" kama ndicho ulicho. Washauri wa kodi husajiliwa na TRA, na wahasibu husajiliwa na NBAA, kwa hiyo usijibandike cheo cha wengine. Mtu akikuuliza jambo la kubishana na makadirio yenyewe, mwelekeze kwa mshauri aliyesajiliwa, wewe umwandalie daftari la kwenda nalo.

Hatua ya 6: Mwaliko wa wiki ya nne

Jumanne nakumbusha tarehe 30, mstari mmoja tu. Alhamisi naweka mwaliko: "Kuanzia 1 Oktoba naanza na maduka matatu mapya. Nakuja mara moja kwa wiki baada ya saa 8 mchana, nafunga droo, madeni na mzigo. Mwezi 50,000. Ukitaka nije kwanza nione daftari lako, andika NJOO." Bei iseme. Mwenye duka anaandika bei za bidhaa zake kwa chaki mlangoni, akiona ya kwako imefichwa atajua ni kubwa.

Idadi ya maduka matatu si ujanja wa soko. Duka jipya linanila alasiri tatu mwezi wa kwanza, kwa sababu lazima tuhesabu mzigo wote rafu kwa rafu. Sema idadi unayoiweza kweli.

Jumamosi ya wiki hiyo siposti. Napiga simu kwa walioandikwa kwenye safu ya tano.

Hatua ya 7: Soma safu ya tano

Idadi ya watazamaji inakudanganya, kwa kuwa binamu zako nao wanahesabiwa. Hesabu wenye maduka waliojibu kwa namba, walioandika NJOO, na walioanza kulipa. Septemba ile nilikuwa na maduka 43 kwenye simu: 14 walijibu angalau mara moja, watano waliandika NJOO, wawili walianza. Wa tatu alitaka nimsaidie kuficha mauzo, nikamkatalia.

Kisha angalia ni wiki ipi iliyonyamaza. Kwangu ilikuwa ya madeni, watu walitazama bila kujibu. Nilimuuliza mama mmoja wa Tandika kwa nini, akanijibu, "Mwanangu, nijibu nikitaja deni, na mdaiwa wangu naye anakuona?" Alidhani majibu ya Status huonekana na wote. Kwa hiyo kalenda ya Desemba, posti ya Jumanne ya wiki ya madeni inaanza hivi: "Ukijibu hapa, naona mimi peke yangu."