Bendera na saa: kugawa dakika 180 katika mtihani wa MRCP(UK), Sehemu ya Kwanza

Mtihani wa MRCP(UK), Sehemu ya Kwanza, hufanywa kwa siku moja, nao una karatasi mbili za saa tatu kila moja. Kila karatasi ina maswali 100, na chini ya kila swali kuna majibu matano ambayo mtahiniwa huchagua moja lililo bora zaidi. Jibu lisilo sahihi halimpunguzii mtu alama alizokwisha kupata, na swali lililoachwa wazi halipati chochote. Kwa hiyo kubahatisha hakumgharimu mtahiniwa alama, lakini kuacha nafasi tupu kunamnyima bahati yake hata katika swali asilolijua kabisa.

Nilipoufanya mtihani huu mara ya kwanza sikufaulu, na karatasi ya kwanza ndiyo iliyoniangusha. Nilikuwa nimeweka bendera, yaani alama ya kwenye skrini ya kunikumbusha kulirudia swali, kwenye maswali 38, na muda ulipokwisha nilikuwa bado nikiyarudia yale ya mwanzo huku maswali sita ya mwisho sijayagusa. Niliporudi Kisumu nilikaa na wenzangu wawili ambao nao walikuwa wakijiandaa, tukaanza kufanya karatasi kamili za mazoezi kila Jumamosi asubuhi, saa ikiwa mezani. Utaratibu ufuatao ndio uliobaki baada ya kujaribu mingine kadhaa.

Hatua ya kwanza: weka vituo vinne kabla ya kusoma swali lolote

Ukigawa dakika 180 kwa maswali 100 unapata dakika moja na sekunde 48 kwa kila swali, lakini ukitumia muda huo wote kwenye mzunguko wa kwanza hutabakiwa na nafasi ya kurudia hata swali moja. Jipangie maswali 25 kwa kila dakika 40, yaani takribani dakika moja na sekunde 36 kwa swali. Ukienda hivyo utalifikia swali la 100 ukiwa na dakika 20 mkononi.

Kwa kuwa saa ya kwenye skrini huonyesha muda uliobaki, kariri vituo kwa namna hiyo hiyo ili usilazimike kutoa na kujumlisha ukiwa na wasiwasi. Baada ya swali la 25 saa isomeke 2:20, baada ya la 50 isomeke 1:40, baada ya la 75 isomeke 1:00, na baada ya la 100 isomeke 0:20. Katikati ya vituo usiitazame saa. Wapo wanaoitazama kila baada ya swali, nami nimeona jinsi jambo hilo linavyowafanya wasome swali refu mara mbili kwa sababu akili ilikuwa kwenye dakika.

Hatua ya pili: jibu kwanza, ndipo uweke bendera

Usiweke bendera kwenye swali ambalo bado liko wazi. Chagua jibu unaloliona bora kwa wakati huo, hata kama unasitasita, kisha uweke bendera na uendelee. Ukifanya hivyo, swali ambalo hutapata nafasi ya kulirudia litakuwa limejibiwa tayari, na muda ukikatika ghafla hakuna kitakachopotea.

Jambo gumu zaidi ni kuamua ni swali lipi linalostahili bendera. Wengi wetu huanza kwa kuweka bendera kwenye maswali tusiyoyajua, na hilo ndilo kosa lililonipata mimi. Swali likiuliza juu ya mabadiliko ya jeni katika ugonjwa adimu ambao hukuwahi kuusoma, dakika mbili za kulirudia saa mbili baadaye hazitakuletea elimu ambayo haikuwapo. Ondoa majibu ambayo una hakika si sahihi, chagua moja kati ya yaliyobaki, usiweke bendera, songa mbele. Ikitokea kwa nadra kwamba swali la mbele limekukumbusha jambo, utalikumbuka lenyewe bila bendera.

Bendera iwe kwa maswali ya aina mbili tu. Aina ya kwanza ni lile unalojua njia yake lakini linataka muda mrefu kuliko ulio nao, kama vile kukokotoa pengo la anioni na kisha kupima kama mapafu yanafidia ipasavyo. Aina ya pili ni lile lililobaki na majibu mawili, na unaweza kutaja kwa neno moja kitu kinachoyatenganisha. Usipoweza kukitaja kitu hicho, swali hilo ni sawa na usilolijua, hata kama linaonekana la kawaida.

Ukipewa karatasi au ubao mdogo wa kuandikia, andika namba ya swali, herufi mbili unazozipima na neno hilo moja. Katika daftari langu la mazoezi kuna mstari unaosema "37, A au C, mkojo". Swali lenyewe lilihusu mwanamke wa miaka 29 asiye na dalili, ambaye kalsiamu yake ilikuwa 2.78, huku homoni ya parathiroidi ikiwa upande wa juu wa kiwango cha kawaida. Jibu A lilikuwa ugonjwa wa tezi za parathiroidi zenyewe, na jibu C lilikuwa ile hali ya kurithi ambayo kalsiamu hupanda kwenye damu na kupungua kwenye mkojo. Nilichagua A kwa haraka, kwa sababu ndiyo tunayoikuta mara nyingi zaidi wodini, nikaweka bendera. Nitalirudia swali hili hapa chini.

Hatua ya tatu: bendera tano kwa kila maswali 25

Dakika 20 za mwisho zinatosha bendera 20, kwa dakika moja kila moja, na ndiyo maana kila kituo kina bendera tano. Ukifika swali la 15 na tano zimeshakwisha, si lazima ukatae ya sita, lakini jiulize kwa ukali zaidi kama kweli unakijua kitu kinachotenganisha majibu. Mtu anayefikisha bendera 40 amejipangia kazi isiyowezekana, kwani hata kuzifungua moja moja na kuzisoma upya kunammaliza muda kabla hajafikiri.

Hatua ya nne: ukichelewa, punguza mwisho kabla ya kupunguza usomaji

Hapa nitaeleza Jumamosi moja ya mazoezi jinsi ilivyokwenda. Mwenzetu, daktari aliyekuwa akitoka Siaya kuja kufanya mazoezi nasi, alifika swali la 25 saa ikisoma 2:17, akiwa na bendera saba. Baada ya swali la 50 saa ilisoma 1:32, maana yake alikuwa nyuma kwa dakika nane. Mtu akijiona nyuma hivyo hutamani kukimbia, na akikimbia huruka mistari ya matokeo ya maabara iliyo mwishoni mwa maelezo ya mgonjwa, ambako mara nyingi ndiko jibu lilikojificha.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba dakika zilizochelewa zitatolewa kwenye zile 20 za mwisho. Alibaki na dakika 92 kwa maswali 50. Akitenga 12 za mwisho, anabaki na 80, ambazo ni zile zile dakika moja na sekunde 36 kwa swali. Mwendo wake haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni bendera: alikuwa nazo 13, na dakika 12 hazingetosha zaidi ya 12, kwa hiyo tangu hapo aliweka moja tu. Alimaliza swali la 75 saa ikisoma 0:54 na la 100 saa ikisoma 0:13.

Kuna mpaka wa kutoa huku. Dakika tano za mwisho zisiguswe kwa hali yoyote, kwa sababu ndizo za kuhakikisha hakuna swali lililo wazi. Ukiona hesabu inakupeleka chini ya hapo, acha kuweka bendera kabisa, na kila swali litakalokusimamisha lichagulie jibu na uliache.

Hatua ya tano: mzunguko wa pili

Kabla ya bendera yoyote, fungua ukurasa unaoorodhesha maswali yote, utafute yaliyo wazi. Mwenzetu alikuta mawili, moja kati yake akiamini kwamba alikuwa amelijibu. Aliyajaza kwa dakika moja, akabaki na 12.

Kisha anza na bendera ulizoziandikia neno la kutenganisha, na zile za hesabu ziache mwisho, maana hesabu moja iliyokataa inaweza kula dakika nne. Aliweza kufungua bendera tisa kati ya 14, akabadilisha majibu matatu. Mawili yakawa sahihi, na moja likawa kosa. Zile tano ambazo hakuzifikia tayari zilikuwa na majibu.

Kuhusu kubadilisha jibu, wengi tulifundishwa kwamba la kwanza ndilo la kweli na lisiguswe. Tafiti za miaka mingi kuhusu mitihani ya kuchagua majibu zimeonyesha kinyume chake, kwamba wanaobadilisha hutoka kwenye kosa kwenda kwenye sahihi mara nyingi kuliko kinyume. Hata hivyo badilisha ukiwa na sababu unayoweza kuionyesha kwa kidole kwenye skrini. Nilipolirudia swali la 37 niliona kwamba kalsiamu ya mkojo ilikuwa imeandikwa kuwa ya chini, na kwamba mama yake mgonjwa aliwahi kufanyiwa upasuaji wa tezi hizo bila kalsiamu kushuka. Mstari huo wa mama sikuwa nimeusoma kabisa mara ya kwanza. Nilibadilisha kwenda C, nalo ndilo lililokuwa sahihi. Lakini ukisoma swali upya na usione chochote kipya isipokuwa mashaka yale yale, liache kama lilivyo na uende kwenye lifuatalo.

Karatasi ya pili

Vituo ni vile vile. Wakati wa mapumziko usijadili maswali ya asubuhi na mtu yeyote, na usizipunguze dakika 20 za mwisho kwa kudhani kwamba asubuhi hukuzihitaji: mchana umechoka, na mistari inayorukwa huongezeka.

Wauguzi wanaojiandaa kwa NCLEX wasiuchukue mpango huu, kwani kule jibu likishawasilishwa hakuna kurudi nyuma. Anayefanya USMLE anaweza kuutumia ndani ya sehemu moja tu, maana sehemu ikifungwa haifunguliwi tena, kwa hiyo vituo vyake vipangwe upya kulingana na urefu wa sehemu hiyo.

Katika kila karatasi ya mazoezi, andika kwenye daftari idadi ya bendera, ngapi ulizirudia, ngapi ulizibadilisha, na ngapi zilitoka kosa zikawa sahihi. Baada ya karatasi nne au tano utaona kama bendera zako zinakuletea alama. Mimi niligundua kwamba za kukokotoa zilikuwa zikinilipa vizuri na zile za dawa zilikuwa hazinilipi hata kidogo, basi tangu hapo maswali ya dawa nikawa nayajibu mara moja bila bendera.