Kelele za ukwantishaji: desibeli 6 za kila biti zinatoka wapi, na kwa nini wakati mwingine huzipati

Kigeuzi kinachobadilisha volti za analogi kuwa namba za dijiti hakina namba ya kila volti. Kina ngazi chache zilizopangwa kwa umbali ulio sawa, na volti yoyote inayoingia hupewa namba ya ngazi iliyo karibu nayo. Tofauti kati ya volti halisi na ngazi iliyochaguliwa ndiyo kosa la ukwantishaji, na makosa haya, sampuli baada ya sampuli, ndiyo tunayoyaita kelele za ukwantishaji. Kanuni inayojulikana ni kwamba kila biti unayoiongeza hupunguza kelele hizo kwa takriban desibeli 6. Katika mwongozo huu tutaijenga kanuni hiyo kwa kigeuzi kimoja cha biti 12 chenye masafa ya volti 0 hadi 3.3, kisha tutaijaribu kwa kompyuta, na mwisho tutaona ni lini biti ya ziada haileti karibu chochote.

Hatua ya 1: Tafuta ukubwa wa ngazi moja

Gawanya masafa yote ya kigeuzi kwa idadi ya ngazi. Biti 12 zinatoa ngazi 4096, kwa hiyo ngazi moja ni volti 3.3 ÷ 4096, yaani milivolti 0.806. Tuiite D. Ukiongeza biti moja, idadi ya ngazi huwa mara mbili na D hupungua hadi nusu. Mengine yote yanayofuata yanatokana na jambo hili.

Hatua ya 2: Kadiria nguvu ya kosa

Ikiwa volti inayoingia inapita kwenye ngazi nyingi bila mpangilio unaojirudia, hakuna sababu ya kosa kupendelea thamani moja kuliko nyingine. Linaweza kuwa popote kati ya −D/2 na +D/2 kwa uwezekano ulio sawa. Ukichukua mraba wa kosa na kutafuta wastani wake katika eneo hilo lote, unapata

```
wastani wa mraba wa kosa = D²/12
kipeuo chake cha pili    = D/√12 = 0.289·D
```

Kwa kigeuzi chetu kipeuo hicho ni milivolti 0.233. Hiki ndicho kiwango cha kelele za ukwantishaji, na ni vyema kukiona kama volti halisi kabla ya kukigeuza kuwa desibeli, kwa sababu baadaye tutakilinganisha na kelele nyingine zinazopimwa kwa volti vilevile.

Dhana ya uwezekano ulio sawa si sheria ya maumbile. W. R. Bennett wa Maabara za Bell aliichambua mwaka 1948 na kuonyesha kwamba inafaa pale ishara inapopita kwenye ngazi nyingi na ngazi zenyewe ni ndogo. Tutaivunja makusudi katika hatua ya 5.

Hatua ya 3: Linganisha na ishara

Kwa desturi, ishara ya kulinganishia ni wimbi la sini linalojaza masafa yote, kutoka ukingo wa chini hadi ukingo wa juu. Kimo chake ni nusu ya masafa, yaani volti 1.65, na kipeuo cha pili cha wastani wa miraba yake ni 1.65 ÷ √2, sawa na volti 1.167. Gawanya volti 1.167 kwa milivolti 0.233 (katika kipimo kimoja, bila shaka) na utapata takriban 5016. Katika desibeli:

```
20·log10(5016) = 74.0 dB
```

Ukifanya hesabu hiyo kwa herufi badala ya namba, volti za masafa zinajifuta zenyewe na kinachobaki ni idadi ya biti, N, peke yake. Uwiano wa ishara kwa kelele za ukwantishaji, unaofupishwa kuwa SQNR, ni:

```
SQNR = 20·log10(2^N · √1.5) = 6.02·N + 1.76 dB
```

Namba 6.02 ni 20·log10(2): ngazi ikipungua hadi nusu, kelele nazo hupungua hadi nusu, na nusu ya volti ni desibeli 6.02. Namba 1.76 haihusiani na kigeuzi hata kidogo. Inatokana na umbo la wimbi la sini, na kwa ishara ya umbo jingine ingekuwa nyingine. Ndiyo maana mtu anayekariri kanuni nzima na kuitumia kwa sauti ya mazungumzo, ambayo vilele vyake ni virefu kuliko wastani wake, huahidiwa uwiano asioweza kuupata.

Vilevile kanuni hii inadai kwamba masafa yamejaa. Wimbi la volti 0.33 kutoka bonde hadi kilele, likiingia katika masafa ya volti 3.3, ni dogo mara kumi kuliko inavyotakiwa, na kelele hazipungui pamoja nalo. Desibeli 20 zinapotea na unabaki na 54. Kurekebisha kipaza ishara kabla ya kigeuzi kungerudisha zaidi ya biti tatu, na mara nyingi ni rahisi kuliko kununua kigeuzi kipya.

Hatua ya 4: Jaribu kwa kompyuta

Programu fupi ya Python inatosha. Inatengeneza wimbi la sini lenye kimo cha 1, inaliweka kwenye ngazi, kisha inalinganisha nguvu ya wimbi na nguvu ya kosa.

```python
import numpy as np

def sqnr(biti, mizunguko, M=65536):
    n = np.arange(M)
    x = np.sin(2*np.pi*mizunguko*n/M)
    d = 2.0/2**biti
    y = (np.floor(x/d) + 0.5)*d
    y = np.clip(y, -1 + d/2, 1 - d/2)
    e = y - x
    return 10*np.log10(np.mean(x**2)/np.mean(e**2))

for b in (8, 10, 12):
    print(b, round(sqnr(b, 1021), 2))
```

Kwa biti 8, 10 na 12 utapata takriban 49.8, 61.9 na 74.0, wakati kanuni inatoa 49.9, 62.0 na 74.0. Upungufu huo mdogo kwenye biti 8 una sababu. Wimbi la sini hukawia kwenye vilele vyake, na hapa kilele kimeangukia hasa kwenye ukingo wa masafa, ambako kosa liko kwenye ukubwa wake wa juu, D/2. Kwa hiyo makosa makubwa yanatokea mara nyingi kidogo kuliko dhana ya hatua ya 2 inavyodai. Kadiri ngazi zinavyoongezeka ndivyo muda unaotumika katika ngazi hiyo ya mwisho unavyopungua, na tofauti inatoweka.

Hatua ya 5: Vunja dhana makusudi

Badilisha 1021 kuwa 8192 na uiendeshe programu tena. Sasa uwiano unakuwa takriban 48.2, 57.5 na 70.6. Kutoka biti 8 hadi 10 umepata desibeli 9.4 badala ya 12, na kutoka 10 hadi 12 umepata 13. Mtu anayeiona jedwali hiyo bila maelezo angedhani kigeuzi kina hitilafu.

Hitilafu iko kwenye uchaguzi wa marudio. Mizunguko 8192 katika sampuli 65536 ni sampuli 8 kamili kwa kila mzunguko, na wimbi linasomwa katika pointi zilezile nane daima: sifuri mara mbili, vilele viwili, na thamani ya ±0.7071 mara nne. Katika programu hii sifuri iko mpakani mwa ngazi mbili na kilele kiko ukingoni, hivyo nusu ya sampuli zote zina kosa la D/2. Nusu iliyobaki inategemea mahali ambapo 0.7071 imeangukia ndani ya ngazi yake. Kwa biti 8 imeangukia karibu katikati kabisa, na kosa lake ni karibu sifuri. Kwa biti 10 iko karibu na mpaka, na kosa lake ni kubwa. Sampuli elfu sitini na kitu zinatuambia mambo matatu tu.

Athari nyingine ni kwamba kosa linalojirudia kila mzunguko haliwezi kutawanyika katika marudio yote kama kelele. Nguvu yake hukusanyika kwenye vizidishe vya marudio ya wimbi, na ukichora spektra unaona miiba michache iliyosimama badala ya sakafu tambarare. Miiba hiyo ndiyo dalili ya kuitafuta. Dawa ni kuchagua idadi kamili ya mizunguko isiyo na kigawo cha pamoja na idadi ya sampuli. Sampuli zikiwa 65536, mizunguko yoyote ya namba witiri inafaa, na ndiyo maana nilitumia 1021.

Hatua ya 6: Ongeza kelele ambazo si za ukwantishaji

Mpaka sasa kigeuzi kilikuwa kikamilifu. Kigeuzi halisi kina kelele za joto za saketi yake, na volti ya rejea nayo hutikisika. Tuseme kelele hizo zote, zikipimwa kwenye kiingizio, ni milivolti 0.4. Kelele zisizohusiana hujumlishwa kwa miraba yake, wala si moja kwa moja:

```
√(0.233² + 0.4²) = 0.463 mV
20·log10(1167/0.463) = 68.0 dB
```

Igeuze kanuni ili ikupe biti zinazofanya kazi kweli: (68.0 − 1.76) ÷ 6.02 ni 11.0. Kigeuzi cha biti 12 kinakupa kazi ya biti 11. Sasa badilisha kigeuzi hicho kwa cha biti 14 huku saketi ikibaki ileile. Kelele za ukwantishaji zinashuka hadi milivolti 0.058, lakini jumla inabaki milivolti 0.404, na uwiano ni desibeli 69.2. Biti mbili zilizoahidi desibeli 12 zimeleta 1.2.

Hatua ya 7: Pima kabla ya kuongeza biti

Unganisha kiingizio na volti tulivu iliyo karibu na katikati ya masafa, soma sampuli elfu kadhaa, na utafute mkengeuko sanifu wa namba zinazotoka. Katika mfano wetu ungepata takriban 0.57 ya ngazi, na humo tayari mna kelele za ukwantishaji zenyewe, 0.289. Ziondoe kwa miraba na kinachobaki ni karibu nusu ngazi, ambayo ndiyo milivolti 0.4 tuliyoidhania.

Namba ikibaki moja tu muda wote, usihitimishe kwamba kelele nyingine ni sifuri. Huenda volti yako imetulia katikati ya ngazi, mahali ambapo mtikisiko mdogo hauonekani. Isogeze kwa sehemu ndogo ya milivolti hadi namba mbili zianze kupokezana, kisha uangalie upana wa eneo zinamopokezana. Eneo hilo likiwa jembamba sana ukilinganisha na ngazi moja, ukwantishaji ndio unaotawala na biti inayofuata italeta karibu desibeli 6 zake zote. Kelele nyingine zikifikia 0.289 ya ngazi, zimelingana na za ukwantishaji, na biti hiyohiyo italeta takriban 2. Kwa nusu ngazi, kama tulivyo hapa, italeta 0.9, na fedha ya kigeuzi kipya ingefanya kazi zaidi kwenye volti ya rejea na kwenye kichujio kilicho mbele ya kiingizio.