Bonyeza mara tano: kuweka kitufe cha dharura kinachotuma mahali ulipo

Mwongozo huu ni wa simu za Android, toleo la 12 kuendelea. Nyingi kati ya hizo zimekuja na huduma ya kutuma ujumbe wa dharura ukibonyeza kitufe cha kuwashia mara tano, kwa hiyo nakusihi usipakue programu ya nje. Programu ya nje haikisomi kitufe cha kuwashia moja kwa moja. Kwa kawaida huhesabu tu jinsi kioo kinavyowaka na kuzimika, na simu ikiizima ili kuokoa betri, hutapata taarifa yoyote.

1. Washa huduma. Fungua `Settings`, kisha `Safety & emergency`, kisha `Emergency SOS`. Usipoyaona maneno hayo, andika SOS kwenye kisanduku cha kutafutia cha mipangilio.

2. Chagua watu watakaopokea ujumbe. Wawili au watatu wanatosha. Namba zao zianze na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, ili ujumbe ufike hata ukiwa safarini nje. Chagua mtu anayeshika simu, hata kama si yeye unayempenda zaidi.

3. Amua kitakachotokea baada ya mibonyezo. Hapa kuna swichi mbili za kuangalia. Ya kwanza ni mlio wa tahadhari unaosikika simu inapohesabu sekunde kabla ya kuanza. Mimi huuzima kila mara, kwa sababu mtu aliyejificha hahitaji simu inayopiga kelele. Ya pili ni kupiga namba ya dharura. Izime kwa sasa, tutairudia baada ya jaribio.

4. Jaribu, na ujaribu kweli. Hatua hii ndiyo inayokula muda, na ndiyo wengi wanaoiruka. Waarifu watu wako kwanza, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara tano harakaharaka na uache hesabu ifike mwisho. Usitosheke na simu yako kuandika kwamba imetuma. Mwombe aliyepokea akusomee alichopata.

Juzi nilimsaidia dada mmoja mwenye simu ya laini mbili. Kila kitu kilikuwa sawa, mibonyezo ilikubali, hesabu ikaisha, lakini kwa mama yake hakukufika kitu. Tulipekua ruhusa zote, tukazima na kuwasha simu, wapi. Tatizo lilikuwa kwenye mipangilio ya laini: upande wa meseji, simu ilikuwa imewekwa iulize kila mara itumie laini ipi. Ujumbe ulikuwa unasubiri mtu achague, na wakati wa hatari hakuna wa kuchagua. Tulipoweka laini moja iwe ya meseji daima, ujumbe ukaenda papo hapo. Hakikisha laini utakayoiweka ndiyo yenye salio au kifurushi cha meseji, maana ujumbe huu huenda kama meseji ya kawaida na hukatwa kama meseji nyingine.

Ujumbe ukifika bila mahali, au ukionyesha mahali ulipokuwa asubuhi, angalia ruhusa ya mahali ya programu ya dharura. Iwe ya wakati wote, tena mahali sahihi, si pa kukadiria. Kisha rudia jaribio ukiwa umezima intaneti. Ndani ya jengo simu hupata shida kuziona setilaiti, na bila intaneti hukosa msaada wa Wi-Fi inayoizunguka, kwa hiyo mahali huchelewa au huwa pa zamani. Jaribu ndani, kisha nje, ujue tofauti kwenye simu yako.

Kama mpokeaji ana simu ya vitufe, kiungo cha ramani hakitamfungukia. Kikiwa na namba mbili zenye nukta, anaweza kumsomea mwenye simu janja azitafute kwenye ramani. Tarakimu nne baada ya nukta zinatosha kukuweka ndani ya mita kumi na kitu.

5. Washa tena swichi ya kupiga namba ya dharura ukiitaka, au weka namba ya ndugu pale panaporuhusu kubadilisha.

Wenye iPhone, huko mambo ni tofauti: mibonyezo mitano, ikiwa imewashwa kwenye mipangilio, hupiga kwanza namba ya dharura ya eneo, na ujumbe kwa watu wako hutoka baada ya simu hiyo kuisha. Kwa hiyo usiijaribu hovyo.

6. Panga na wapokeaji. Simu zao usiku huwa kimya, basi waiweke namba yako kati ya zinazoruhusiwa kulia hata wakati wa kutosumbuliwa. Na mkubaliane kwamba wakipata ujumbe hawakupigii kwanza. Simu ikiita mfukoni inaweza kukufichua. Wakujibu kwa meseji, waanze safari, na wawapigie polisi wakiwa na kile kiungo mkononi.