Futa "mkarimu", andika alichofanya

Ukiandika makala fupi kumhusu mfanyabiashara wa sokoni, usiishie kumhoji. Kaa kando ya meza yake mpaka mteja aombe kukopa au arudishe bidhaa. Hapo ndipo tabia hujitokeza. Badala ya "ni mkarimu lakini makini", andika: "Alimfungia yule mama kitambaa, akachomoa kalamu kwenye kilemba, akaandika deni kwenye daftari lisilo na jalada, kisha akamsomea kiasi kwa sauti ya chini ili walio nyuma wasisikie." Sifa zote mbili zimo. Nukuu zaidi anayomwambia mteja; majibu anayokupa wewe mara nyingi ameshayapanga. Na usibuni: kama kalamu ilikuwa mezani, iache mezani.